Mabano Yaliyosahaulika: Barua ya Kuomba Radhi kwa Wazazi

Tuchukue karatasi ya Hisabati ya Darasa la Tano. Ina maswali kumi, na majibu yamechapwa chini kabisa ili mzazi aweze kusahihisha. Swali la 6 limeandikwa 40 − 12 ÷ 4. Jibu lililo chini ni 7.

Mtoto aliyemsikiliza mwalimu anaijua MAGAZIJUTO: mabano kwanza, kisha kugawanya na kuzidisha, halafu kujumlisha na kutoa. Hapa haoni mabano, basi anaanza kwa kugawanya. 12 kwa 4 ni 3, 40 kutoa 3 ni 37. Mzazi anatupa jicho chini ya karatasi, anaona 7, anamwambia arudie. Anarudia, 37 tena. Mwishowe mzazi anachukua kalamu mwenyewe na kugundua kwamba ukianza kwa kutoa unapata 28, na 28 ukiigawa kwa 4 unapata 7. “Umeona? Unaanza kushoto unakwenda kulia. Darasani ulikuwa unasinzia?” Mtoto anafuta jibu lake na kuandika 7.

Mwalimu alikuwa amekusudia (40 − 12) ÷ 4. Mabano yaliachwa karatasi ilipokuwa ikichapwa, na hakuna aliyeikagua kabla ya kutoa kopi. Siku ya kusahihisha anakuta nusu ya darasa wameandika 37, nusu 7, na pembeni mwa karatasi kadhaa wazazi wameandika maswali yao. Hapo barua inahitajika.

Wengi wangemaliza jambo hili kwa sentensi ile iliyozoeleka: “Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza.” Sentensi hiyo ina adabu, lakini haimsaidii mtu. Mzazi hajui ni swali lipi, wala jibu gani ni sahihi. Tena hasara kubwa hapa imebaki kichwani mwa mtoto, ambaye usiku ule alifundishwa kanuni isiyo ya kweli na kuacha ile ya kweli. Barua isiyoigusa kanuni hiyo inaliacha kosa mahali pake.

Barua inayofaa ingekuwa namna hii. Juu hukaa anwani na simu ya shule, kumbukumbu namba na tarehe, kama ilivyo desturi ya barua rasmi. Kisha:

Ndugu mzazi/mlezi,

YAH: KOSA KATIKA SWALI LA 6, KAZI YA NYUMBANI YA HISABATI, DARASA LA TANO

Katika karatasi ya Hisabati tuliyowapa watoto Ijumaa, swali la 6 lilikuwa na kosa, na kosa hilo ni letu. Lilichapwa 40 − 12 ÷ 4. Lilipaswa kuwa (40 − 12) ÷ 4. Mabano yaliachwa wakati wa kuchapa, nasi hatukukagua karatasi kabla ya kutoa nakala.

Jibu la 7 lililo chini ya karatasi ni la swali lenye mabano. Kwa swali kama lilivyochapwa, jibu sahihi ni 37. Mtoto aliyeandika 37 alifuata kanuni vizuri na amepewa alama yake. Aliyeandika 7 naye hajapunguziwa alama.

Karatasi inarudi nyumbani leo pamoja na barua hii. Tunaomba mtoto aongeze mabano na kulifanya swali upya. Kama aliambiwa atoe kabla ya kugawanya, tafadhali mweleze kuwa tunafanya hivyo pale tu mabano yanapotuamuru. Jumatano mwalimu atalifanya swali hili darasani.

Tunatambua kuwa swali hili liliwapotezea muda, na huenda mtoto alilaumiwa bila kosa. Tunawaomba radhi, ninyi na watoto. Mwenye swali amwone mwalimu wa Hisabati, au apige simu kwa namba iliyo juu.

Wenu,
Mwalimu wa Hisabati, Darasa la Tano
Imeidhinishwa na Mwalimu Mkuu

Kichwa cha barua kinataja swali, somo na darasa. Mzazi mwenye watoto watatu shule moja anajua mara moja ni karatasi ya nani. Kosa limewekwa bayana, lilivyochapwa na lilivyopaswa kuwa, kwa sababu maneno “hitilafu ndogo” yanamfanya mzazi akisie. Chanzo kimepewa sentensi moja tu. Maelezo marefu kuhusu mchapaji, umeme au haraka ya mitihani yangeonekana kama kumsukumia mtu mwingine mzigo, na mzazi hakumtuma mchapaji kumfundisha mtoto wake.

Aya ya pili ndiyo moyo wa barua. Mwalimu angeweza kusema tu kwamba jibu ni 7 na mabano yalisahaulika. Angesema kweli, lakini mtoto aliyeandika 37 angebaki na fedheha yake. Hapa barua inamsafisha kwa maneno ya wazi, na inamlinda pia aliyeandika 7, ambaye alitii mkubwa wake. Kumbuka kwamba katika nyumba nyingi mtoto ndiye atakayeisoma barua hii kwa sauti, mbele ya bibi au mlezi asiyesoma. Isiwe na neno litakalomwaibisha yeye wala aliyemsaidia.

Angalia pia mahali palipowekwa radhi. Imekuja mwishoni, baada ya marekebisho, na inataja jambo linaloombewa: muda uliopotea na lawama isiyostahili. Ikitangulia na kurudiwa kila aya, msomaji anachoka kabla hajafika kwenye hesabu.

Hatari moja ni barua ya marekebisho kuzaa kosa la pili. Hesabu hii ina mtego wake. Mwalimu akiandika kwa haraka kwamba kujumlisha hutangulia kutoa daima, kwa kuwa JU hutangulia TO, atapotosha upya. Katika 10 − 4 + 3, jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina cheo sawa, navyo hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto. Anayejumlisha kwanza atapata 3. Ndivyo ilivyo pia kwa kugawanya na kuzidisha. Kwa hiyo kabla barua haijapigwa muhuri, mwalimu mwingine aisome na afanye kila hesabu iliyomo kwa mkono wake.

Barua ina mpaka wake. Wengine hawataipata, itabaki kwenye begi, na wengine wataipata wasiielewe. Njia rahisi ya kujua kama kosa limeondoka ni kuandika ubaoni siku ya Jumatano swali jipya lisilo na mabano, kwa mfano 30 − 10 ÷ 5. Atakayepata 28 yuko salama. Atakayepata 4 ameibeba kanuni ya mezani nyumbani, na huyo anahitaji kukaa na mwalimu, kwa kuwa barua haikumfikia.

Shule inayotaka kupunguza barua za namna hii ifanye jambo moja: mwalimu ambaye hakutunga maswali apewe karatasi iliyokwisha kuchapwa, majibu yakiwa yamefichwa, aifanye yote kabla ya kopi kutolewa. Mabano yaliyopotea yataonekana hapo hapo. Nawe mzazi, mtoto akikupa jibu lile lile mara mbili na likapishana na la karatasi, usimlazimishe kufuta. Mwache aandike njia yake yote, uweke alama ya kuuliza pembeni, umwachie mwalimu aamue.