Barua ya Kuomba Kurejeshewa Kodi ya Mapato Iliyozidi: Ushahidi wa Malipo Unavyopaswa Kuambatishwa

Mlipakodi aliyelipa kodi ya mapato kupita kiasi anachostahili anayo haki ya kuomba kurejeshewa ziada hiyo. Haki hiyo imo katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, na maombi yake hupelekwa kwa maandishi Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kupitia ofisi inayomhudumia mlipakodi husika. Hata hivyo, barua peke yake haithibitishi kuwa kodi imezidi. Kinachothibitisha ni kulingana kwa mambo matatu: ritani ya mwaka, nyaraka za malipo, na kumbukumbu za mlipakodi zilizomo katika mfumo wa Mamlaka. Mambo hayo matatu yakitofautiana, hata kwa malipo mamoja tu, maombi hukwama.

Chanzo kikubwa cha ziada kwa kampuni ndogo ni namna kodi yenyewe inavyolipwa. Kampuni ambayo mwaka wake wa mapato unaishia Desemba hukadiria faida mapema, kisha hulipa kodi kwa awamu nne, ambazo mwisho wake ni tarehe 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Faida halisi hujulikana baadaye, hesabu zinapofungwa na ritani kuwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kwisha. Wakati huohuo, wateja wa kampuni hiyo ambao nao wanafanya biashara hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 katika malipo ya huduma na kuiwasilisha Mamlaka. Hivyo fedha za mlipakodi mmoja hufika kwa njia mbili, na si wahasibu wote wanaokumbuka kuzijumlisha.

Ichukuliwe mfano wa kampuni inayotengeneza majenereta, ambayo kwa mwaka wa mapato 2024 ilikadiria faida ya shilingi 20,000,000. Kwa kiwango cha asilimia 30, kodi ya makadirio ilikuwa shilingi 6,000,000, nayo ikalipwa kwa awamu nne za shilingi 1,500,000 kila moja. Biashara haikwenda kama ilivyotarajiwa, na faida halisi ikawa shilingi 14,000,000, ambayo kodi yake ni shilingi 4,200,000. Katika mwaka huo, wateja watatu walikuwa wamelipa huduma za shilingi 12,000,000, shilingi 10,000,000 na shilingi 6,000,000, wakakata kodi ya zuio ya shilingi 600,000, shilingi 500,000 na shilingi 300,000. Jumla ya kodi iliyolipwa ni shilingi 7,400,000. Ziada ni shilingi 3,200,000.

Barua ya kampuni hiyo haihitaji maneno mengi. Kiini chake kinaweza kuandikwa hivi:

YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA KODI YA MAPATO ILIYOZIDI, MWAKA WA MAPATO 2024

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu. Kwa mujibu wa ritani yetu ya mwaka wa mapato 2024, kodi tuliyopaswa kulipa ni shilingi 4,200,000. Tulilipa shilingi 6,000,000 kwa awamu nne, na wateja wetu walizuia shilingi 1,400,000. Tunaomba kurejeshewa ziada ya shilingi 3,200,000. Tumeambatisha nakala ya ritani, hesabu za mwaka, uthibitisho wa malipo ya kila awamu, vyeti vitatu vya kodi ya zuio, na jedwali linaloonyesha tarehe, kiasi na namba ya kumbukumbu ya kila malipo.

Juu ya barua huandikwa jina la kampuni kama lilivyosajiliwa, Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, anwani na simu. Chini hutiwa saini na mtu mwenye mamlaka ya kuisemea kampuni, pamoja na maelezo ya akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa jina lilelile. Barua yenye jina moja na akaunti yenye jina lingine hufungua maswali yasiyo ya lazima.

Jedwali linalotajwa katika barua ndilo linalomrahisishia afisa kazi, kwa kuwa analilinganisha mstari kwa mstari na leja ya mlipakodi. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuambatisha karatasi ya benki na kuona kuwa inatosha. Karatasi hiyo huonyesha kuwa fedha zimetoka katika akaunti. Ni namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba, inayoonyesha fedha hizo zililipia kodi ya aina gani na ya mwaka upi.

Katika mfano uliotajwa, tuseme awamu ya Juni ililipwa kwa namba iliyokuwa imeandaliwa kwa deni la mwaka 2023. Fedha zimefika Serikalini, lakini leja ya mwaka 2024 itaonyesha awamu tatu tu, na ziada kuwa shilingi 1,700,000 badala ya shilingi 3,200,000. Tofauti inapolingana kabisa na kiasi cha awamu moja, kama hapa, jambo la kwanza la kuchunguza ni iwapo malipo hayo yameingia katika mwaka au aina nyingine ya kodi. Katika hali hiyo, ombi linalotangulia ni la kusahihisha mahali malipo yalipowekwa. La kurejeshewa hufuata baada ya leja kurekebishwa.

Kodi ya zuio ina ugumu wake. Mteja wa tatu akikata shilingi 300,000 bila kutoa cheti, au akikata na kuchelewa kuziwasilisha, kampuni haina cha kuonyesha kwa kiasi hicho, na dai lenye uthibitisho linabaki shilingi 2,900,000. Ni vema kudai cheti kila malipo yanapofanyika, kwa kuwa kumtafuta mteja wa mwaka juzi ni kazi ngumu zaidi. Aidha, zipo kampuni zinazoingiza katika vitabu fedha zilizopokelewa tu, yaani shilingi 26,600,000, badala ya thamani kamili ya huduma ambayo ni shilingi 28,000,000. Anayefanya hivyo kisha akadai shilingi 1,400,000 zilizozuiwa hupunguza mapato yake na kudai kodi kwa wakati mmoja. Ukaguzi ukifanyika, ziada aliyoitaja itapungua.

Barua ipelekwe na nakala ya pili, ambayo hugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kubaki kwa mwombaji. Sheria inaweka ukomo wa muda wa kuwasilisha maombi, hivyo tarehe hiyo ni sehemu ya ushahidi. Baada ya hapo afisa anaweza kuomba vitabu vya hesabu, ankara au taarifa za benki kabla ya uamuzi kutolewa.

Mwombaji atambue pia kuwa ziada iliyothibitishwa huweza kutumika kwanza kulipa deni lingine la kodi alilonalo. Kampuni ya mfano ikiwa inadaiwa shilingi 900,000 za kodi ya mishahara ya wafanyakazi, kiasi kitakachobaki ni shilingi 2,300,000. Kwa upande mwingine, kampuni iliyoona mapema kuwa faida inashuka ingeweza kurekebisha makadirio yake ndani ya mwaka na kuhesabu kodi iliyokwisha kuzuiwa na wateja, ili awamu za Septemba na Desemba zipungue kabla fedha hazijatoka.