Jouli 3.4 Zilizobaki kwenye Barafu

Kila kitu kinapopoa, chembe zake hupoteza uhuru wa kujipanga. Kipimo cha uhuru huo kinaitwa entropia: kadiri njia za kujipanga zinavyokuwa nyingi, ndivyo entropia inavyokuwa kubwa. Mwaka 1906 mwanakemia Mjerumani Walther Nernst aliweka msingi wa kanuni ya tatu ya thermodinamiki, na miaka michache baadaye Max Planck akaikamilisha: kwenye sifuri halisi, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, fuwele iliyopangika kikamilifu ina entropia ya sifuri, kwa kuwa imebakiwa na njia moja tu ya kujipanga.

Kanuni hii ilitupatia mahali pa kuanzia kuhesabu. Kabla yake tuliweza kujua entropia imeongezeka kwa kiasi gani tu, si ni kiasi gani kwa jumla. Sasa mtu anaweza kuanza karibu na sifuri halisi, akaongeza joto kidogo kidogo, akagawanya kila kiasi cha joto kwa halijoto ya kelvini wakati huo, kisha akajumlisha. Jumla hiyo ndiyo entropia kamili ya kitu.

Mwaka 1936, William Giauque na J. W. Stout wa Berkeley, California, waliyafanyia maji hesabu hiyo kwa uangalifu mkubwa. Tuchukue moli moja, takriban gramu 18, na tuhesabu entropia kwa jouli kwa kila kelvini. Kulipasha barafu mpaka likaribie kuyeyuka kunaleta 38.1. Kuyeyuka kunaongeza 22.0. Kuyapasha maji hadi nyuzi 25 kunaongeza 6.6, na kuyageuza kuwa mvuke kunaongeza 147.4. Mvuke huo una kanieneo ndogo, hivyo kuubana hadi kanieneo ya kawaida ya hewa kunapunguza 28.8. Jumla ni 185.3.

Lakini kuna njia nyingine isiyogusa barafu kabisa. Mwanga unaofyonzwa na mvuke hueleza jinsi molekuli ya maji inavyozunguka na kutetemeka, na kutokana na hayo entropia ya mvuke inakokotolewa moja kwa moja. Jibu lilikuwa 188.7. Pengo la jouli 3.4 ni kubwa kuliko kosa la vipimo, na liko upande mmoja: njia ya joto ndiyo iliyopungukiwa. Maana yake ni kwamba barafu halikuanza na sifuri.

Maelezo yalikuwa yametolewa mwaka 1935 na Linus Pauling. Katika barafu, kila atomu ya oksijeni imezungukwa na oksijeni nne, na kati ya kila jozi ipo haidrojeni moja, iliyosogea karibu na upande mmoja au mwingine. Sharti ni kwamba kila oksijeni iwe na haidrojeni mbili karibu na mbili mbali, ili ibaki molekuli ya maji. Oksijeni zimepangika vizuri kama fuwele yoyote, ila sharti hilo haliamui ni haidrojeni zipi zikae karibu.

Pauling alihesabu hivi. Kuchagua mbili kati ya nne kuna njia sita, hivyo kila molekuli inaweza kugeukia pande sita. Lakini ni lazima ikubaliane na majirani, na kwa kila kiungo nafasi ya kukubaliana ni nusu. Kila molekuli ina sehemu ya viungo viwili, maana viungo vinne vinashirikiwa na majirani. Robo ya sita ni 1.5. Logarithimu asilia ya 1.5 ni 0.405, ukiizidisha kwa kigezo cha gesi, 8.314, unapata 3.37. Hesabu ya karatasi tupu ikakutana na kipimo cha maabara.

Je, barafu limeivunja kanuni ya tatu? Hapana. Kanuni inazungumzia fuwele iliyofikia mpangilio wake wa nishati ndogo kabisa. Barafu linapopoa, haidrojeni hupoteza uwezo wa kuhama kabla ya kuufikia, na vurugu lililokuwapo hugandishwa pamoja nalo.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1982, watafiti wa Japani walipotia hidroksidi ya potasiamu kidogo kwenye barafu. Kemikali hiyo huacha mapengo kwenye mtandao wa haidrojeni, na kupitia mapengo hayo molekuli huweza kugeuka hata kwenye baridi kali. Kwenye kelvini 72 barafu lilibadilika na kuwa aina iliyopangika, na sehemu kubwa ya entropia iliyonaswa ikaachiliwa. Mpangilio kamili ulikuwapo muda wote. Barafu safi lilikosa tu njia ya kuufikia.