Matuta ya Churo Si Pambo

Churo ni kijiti cha unga wa ngano kilichokamuliwa, kikakaangwa kwa mafuta mengi, kisha kikapakwa sukari. Wahispania huila asubuhi kwa kuichovya katika kikombe cha chokoleti nzito, na mgahawa wa San Ginés ulioko katikati ya Madrid umekuwa ukiiuza kwa namna hiyo tangu 1894. Mara nyingi churo hutambulika kwa alama moja: mwili wake una matuta na mifereji kama shamba lililolimwa, kwa sababu unga hupitishwa kwenye tundu lenye umbo la nyota. Wapishi wengi wa nyumbani huyaona matuta hayo kuwa urembo. Akikosa mdomo wa nyota, mtu hukata pembe ya mfuko wa plastiki na kukamua vijiti vya mviringo, akiamini kwamba ladha haitabadilika. Nadai kwamba imani hiyo ni kosa, tena kosa linaloweza kumuunguza mtu. Umbo la nyota ni sehemu ya mapishi kama ulivyo unga wenyewe, na ukielewa kwa nini liko pale, utakuwa umeelewa karibu kila hatua ya kupika churo.

Tuanze na unga, maana tabia zake ndizo zinazolifanya umbo liwe muhimu. Unga wa churo haukandwi kama wa maandazi. Unasongwa, kwa njia iliyo jirani zaidi na ugali. Kwa gramu 250 za unga wa ngano, chemsha mililita 250 za maji pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Maji yakitokota, epua sufuria, mimina unga wote kwa mara moja, na usonge kwa nguvu kwa mwiko hadi upate donge moja lisiloshika kwenye sufuria. Maji yale ya moto hufanya kazi mbili. Huivisha wanga wa ngano, nao unavimba na kushika maji mengi bila donge kuwa rojorojo. Pia hudhoofisha gluteni, ile protini inayoufanya unga wa chapati uvutike na kurudi ulikotoka. Hii ndiyo sababu unga wa maandazi haufai hapa: ukiukamua kwa mdomo wa nyota, gluteni itavuta na hamira itaumua, na matuta yatakuwa yamefutika kabla hayajaonja mafuta. Donge lililosongwa kwa maji yanayotokota hubaki na sura uliyolipa.

Lakini donge hilo linaloshika sura lina hatari yake. Nusu ya uzito wake ni maji, na halina matundu ya kupumulia kama yale ambayo hamira hutengeneza ndani ya andazi. Likitumbukia katika mafuta ya moto, ngozi ya nje hukauka na kuwa ngumu kwa muda mfupi, ilhali maji ya ndani ndiyo kwanza yanaanza kugeuka mvuke. Maji yakiwa mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,500 ya ile yaliyokuwa nayo, na mvuke usiopata njia hujitengenezea yake. Hapo churo hupasuka, wakati mwingine kwa kishindo, na kurusha mafuta nje ya karai. Mwaka 2004 gazeti la La Tercera la Chile lilichapisha maelekezo ya kupika churo, na wasomaji kadhaa walioyafuata wakaungua vibaya kwa mafuta yaliyorushwa. Mnamo Desemba 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru wachapishaji wawalipe fidia watu 13. Ilionekana kwamba maelekezo yale hayakujaribiwa ipasavyo kabla ya kuchapishwa, na kwamba moto wa mafuta uliopendekezwa uliifanya churo iwe rahisi kulipuka. Kesi ile ilihusu moto wa mafuta, si mdomo wa kukamulia. Naitaja kwa sababu inaonyesha nguvu iliyojificha ndani ya kijiti kinachoonekana hakina madhara.

Sasa tupime nyota inachobadilisha. Chukua mdomo wa nyota wenye ncha 8, ambao kutoka katikati hadi kilele cha tuta ni milimita 7.5, na kutoka katikati hadi chini ya mfereji ni milimita 5. Ukizungusha uzi kwenye kingo zake zote, ukiingia kila mfereji na kupanda kila tuta, utapata takriban milimita 55. Kiasi kilekile cha unga kikikamuliwa kwa mviringo laini, mzunguko wake hauzidi milimita 38. Kwa unga uleule, nyota imeongeza ngozi kwa karibu asilimia 45. Zaidi ya hapo, moyo wa kijiti cha nyota uko milimita 5 tu kutoka kwenye mfereji, wakati wa kijiti cha mviringo uko milimita 6 kutoka pande zote. Moto una safari fupi zaidi ya kuingia, na mvuke una safari fupi zaidi ya kutoka, kupitia eneo kubwa zaidi. Tena mifereji hufanya kazi kama marinda ya sketi. Unga unapovimba, marinda hufunguka kidogo na kuupa nafasi, lakini kijiti laini hakina kitu cha kufungua isipokuwa kupasua ngozi yake.

Anayeijua Hispania atapinga mara moja kwamba huko kuna aina nene ya churo, inayokamuliwa kwa mzunguko mkubwa kama konokono na kukatwakatwa baada ya kuiva, ambayo ni ya mviringo na matuta yake hayaonekani sana au hayapo kabisa, na bado hailipuki. Ni kweli. Lakini aina hiyo hutiwa magadi ya kupikia au beking pauda, na ukiikata utaona ndani yake matundu kama ya sifongo. Mvuke umepewa njia kwa kemia badala ya umbo. Pingamizi hili, basi, linaithibitisha hoja: unga usio na kiumulio lazima upewe njia nyingine, na njia hiyo ni nyota. Wengine watasema wamekwisha kukaanga vijiti laini mara nyingi na hawakupata ajali. Nao siwakatalii, kwa kuwa si kila kijiti laini hupasuka. Kinachopasuka ni kile chenye kasoro: pumba la unga mkavu lililobaki katikati, kifuko cha hewa kilichonaswa wakati wa kujaza mfuko, au mafuta yaliyopitiliza moto. Nyota hupunguza madhara ya kasoro hizo. Bila nyota, usalama wako unategemea kutokosea hata mara moja.

Pingamizi zito zaidi ni la mafuta: kama ngozi imeongezeka kwa asilimia 45, je, churo haitanyonya mafuta zaidi? Ingekuwa hivyo kama mafuta yangeingia wakati wa kukaanga. Lakini churo inapochemka ndani ya karai, mvuke unatoka kwa kasi na kuyasukuma mafuta nje. Sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya kuopoa, mvuke uliobaki unapopoa na kuyafyonza yale yaliyoganda juu ya ngozi. Dawa yake ni kuyaondoa mafuta hayo mapema: iopoe kwa kijiko cha matundu, itikise juu ya karai, kisha ilaze juu ya karatasi au waya wa kuchujia papo hapo. Churo inayodondosha mafuta mara nyingi ilikaangwa kwa moto mdogo, ikakaa muda mrefu karaini bila mvuke wenye nguvu ya kuyafukuza.

Ndiyo maana moto unapaswa kuwa wa kadiri, nyuzi 180 hadi 190 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto atumbukize kipande cha unga chenye ukubwa wa harage. Kikizama kidogo kisha kikapanda kikitoa mapovu ya mfululizo, mafuta yako tayari. Kikikaa chini, ngoja. Kikigeuka kahawia kwa sekunde chache, punguza moto na usubiri. Karai liwe na kina, na mafuta yasizidi nusu yake. Donge liwe limepoa kiasi cha kushikika, kisha lishindiliwe vizuri ili hewa itoke. Ni gumu kulikamua, hivyo mfuko wa kitambaa kizito unafaa kuliko wa plastiki. Hata mashine ya mkono ya kukamulia tambi za dengu inafaa, mradi iwe na sahani ya nyota, kwa kuwa kifaa cha Kihispania cha kukamulia churo ni bomba na kisukumio kama hicho. Kamua vijiti vya sentimita 12 juu ya karatasi kwanza, na donge hili litakupa karibu 30. Kaanga vichache kwa wakati mmoja, dakika mbili hadi nne, ukivigeuza. Sikiliza na utazame mapovu: mwanzoni huwa mengi na ya kelele, kisha hupungua maji yanapokwisha kwenye ngozi. Vilele vya matuta vikiwa na rangi ya dhahabu na mapovu yamelegea, churo imekauka. Rangi ya dhahabu pamoja na mapovu yenye kelele maana yake moto ni mkali mno, na ngozi hiyo italainika sahani ikifika mezani.

Sukari huja mwisho, na hapa pia mifereji ina kazi. Haiwekwi ndani ya unga, kwa sababu ingeunguza ngozi kabla ya moyo kuiva. Haigeuzwi shira kama ya kaimati au visheti, kwa sababu maji ya shira yangeulainisha ukavu tulioutafuta. Changanya gramu 100 za sukari ya chembe ndogo na kijiko kimoja cha chai cha mdalasini uliosagwa, kama wafanyavyo Wameksiko, au iache sukari peke yake. Ngoja kama dakika moja baada ya kuopoa, kisha ibiringishe churo humo. Ukiwahi mno, mvuke utayeyusha sukari iwe gundi. Ukichelewa hadi ipoe, chembe zitadondoka. Katika dakika hiyo moja ngozi ina unyevu mdogo wa mafuta unaotosha kuzishika, na chembe nyingi zitatulia ndani ya mifereji, zilindwe na matuta ya pande mbili. Ivunje churo mkononi: ikikatika kwa mlio, ndani ikawa laini na iliyoiva, na sukari ikabaki mahali pake, ujue kila mfereji umefanya kazi yake. Asiye na mdomo wa nyota siku hiyo na apike kaimati, asikaange vijiti laini vya unga huu.