Silinda Nne Zikipumzika

Chukua bomba la sindano, ulitoe sindano yenyewe. Ziba mdomo wake nusu kwa kidole ili hewa ipenye kwa taabu, kisha vuta mpini wake taratibu. Unagoma, na ukiuachia haurudi ulikotoka: nguvu uliyotumia imekwenda bure. Injini ya petroli inafanya kazi hiyo ya hasara kila pistoni inaposhuka kuvuta hewa huku dereva amekanyaga mafuta kidogo tu. Kilango cha hewa kiko karibu kufungwa, na pistoni zote zinanyonya kupitia upenyo uleule mwembamba. Gari kubwa la silinda nane likienda mwendo wa kawaida kwenye barabara tambarare linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake, kwa hiyo hali hiyo ndiyo maisha yake ya kila siku.

Hapo ndipo lilipotoka wazo la kuzima silinda kadhaa mzigo unapokuwa mwepesi. Wengi hudhani mafuta yanaokolewa kwa sababu silinda nne zimenyimwa petroli. Lakini nne zilizobaki zinapewa zaidi, la sivyo gari lingepunguza mwendo. Faida kubwa iko kwenye kile kilango: ili nne zifanye kazi ya nane, kompyuta inakifungua zaidi, nazo zinavuta hewa bila kukabwa koo.

Na zile zilizozimwa? Pistoni zake hazisimami, maana zimeunganishwa na krankshafti moja na wenzake. Kukata petroli peke yake hakutoshi, kwani zingeendelea kupitisha hewa tupu hadi kwenye ekzosi na kuidanganya sensa ya oksijeni. Lazima valvu za kuingizia hewa na za kutolea moshi zibaki zimefungwa. Rudi kwenye bomba letu: safari hii lizibe kabisa, vuta, achia. Mpini unarudi wenyewe kwa kasi. Gesi iliyofungiwa ndani ya silinda inafanya kazi kama springi. Inachukua nguvu pistoni ikienda na kuirudisha karibu yote ikirejea.

Mwaka 1981 Cadillac waliuza injini ya lita 6.0 iliyoweza kutoka silinda nane hadi sita, hadi nne. Wazo lilikuwa sahihi, ila kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito kufikiri. Gari lilishtuka kila lilipobadili idadi, na wenye magari wengi waliishia kukatiwa waya wa mfumo huo ili injini ibaki na nane zake daima. Mwaka uliofuata injini hiyo ilibaki kwenye limuzini tu.

Kompyuta zilipopata kasi, wazo lilirudi. General Motors walilirudisha kwenye V8 za lita 5.3 za modeli ya mwaka 2005. Humo kazi inafanywa na tapeti, kile kipande kinachopokea msukumo wa kamshafti na kuupeleka juu kwenye valvu. Tapeti hizi zina sehemu mbili, moja ndani ya nyingine, zilizofungwa pamoja kwa pini ndogo. Kompyuta ikiamua kuzima silinda, inafungua njia ya oili. Presha ya oili inasukuma pini ndani, sehemu ya nje inapanda na kushuka na kamshafti, ya ndani inatulia, na valvu haifunguki. Presha ikiondolewa, springi inairudisha pini mahali pake.

Zinazozimwa ni namba 1, 4, 6 na 7, wala si kwa kubahatisha. Moto katika injini hii unawaka kwa mpangilio wa 1-8-7-2-6-5-4-3. Ruka moja, chukua moja, utazipata hizo nne. Milipuko inayobaki inapishana kwa nafasi sawa, na injini haitetemeki sana.

Udhaifu uko kwenye ile pini. Oili ikichelewa kubadilishwa, ikapungua au ikafanya tope kwenye njia zake nyembamba, pini inaweza kuchelewa au kukwama, na tapeti ikabaki imelegea hata pale silinda inapotakiwa kufanya kazi. Utasikia tiki-tiki kutoka juu ya injini, kisha inaanza kumisi. Mashine ya kupimia ikionyesha P0307, fundi mwenye haraka atabadilisha plagi. Anayeijua injini hii atajiuliza kwanza: mbona ni namba 7, mojawapo ya zile zinazozimwa? Atapima kompresheni, na akiikuta iko chini kwenye silinda hiyo huku jirani zake wakiwa salama, atafungua kifuniko cha valvu, azungushe injini na kutazama kama roka zote mbili zinacheza.

Moja ikiwa imetulia, mwenye gari ajiandae. Tapeti inaenea kiganjani, lakini kwenye injini hii huwezi kuitoa bila kuvua kichwa cha silinda. Na ikiwa kigurudumu chake cha chini kimeshakwaruza kamshafti, nayo inabadilishwa.