Ujumbe wa Fundi Kabla ya Idi

"Asalaam aleikum. Oda za Idi mwisho Ramadhani 10. Kujaribu nguo ni Ramadhani 18 hadi 22. Atakayekuja baadaye, marekebisho ni baada ya Idi."

Ujumbe wa namna hii mafundi wa Mombasa na Unguja huutuma kwa wateja wengi kwa mpigo. Ukitumwa kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp, humfikia tu mteja aliyehifadhi namba ya fundi kwenye simu yake. Asiyeihifadhi hatajua kwamba siku zinakwisha.

Tarehe ya kujaribu ndiyo nzito kuliko zote. Siku hiyo gauni huwa limeshikizwa tu: ubavuni kumeachwa akiba ya kitambaa, na pindo halijakunjwa. Tuseme linabana kifuani. Fundi akiachia nusu inchi kila upande wa mshono, mishono miwili ya ubavuni inaongeza inchi mbili nzima. Likishapita kwenye overloki, kisu kimekata akiba ile, na hapo hakuna cha kuachia. Kupunguza bado kunawezekana, kuongeza, hapana.

Mbona asisubiri hadi Ramadhani 27? Kwa sababu mwezi ukiandama usiku wa kuamkia 30, Idi inawahi kwa siku moja, na fundi makini hupanga kazi kwa siku 29. Basi nenda kajaribu na viatu utakavyovaa, maana urefu wa pindo hupimwa navyo, kisha inua mikono na ukae chini kabla ya kusema limekukaa.