Boksi Hewa Kwenye Kona: Rekodi ya Vihisi Inavyofichua Kosa la Roboti

Roboti ya ghalani inapita katikati ya safu mbili za rafu. Ikienda moja kwa moja haina shida: inayaona maboksi yaliyopangwa pembeni na kuendelea na safari yake. Ikifika kwenye kona na kuanza kukata kushoto, inafunga breki ghafla. Mhandisi akikimbilia skrini, anakuta roboti imesimama na ramani yake imenyooka. Sekunde moja kabla, ramani hiyohiyo ilionyesha boksi katikati ya njia, wakati njiani hapakuwa na kitu.

Kama yalivyo majina ya wafanyakazi hewa kwenye orodha ya mishahara, boksi hewa hili lina mahali pake kwenye kumbukumbu lakini halipo duniani. Kulifuatilia kwa kuizungusha roboti kwenye kona mchana kutwa ni kazi ya bure, kwa sababu kila mzunguko una kasi yake, mwanga wake na njia yake. Kinachotakiwa ni mzunguko mmoja ulioharibika, uhifadhiwe kama ulivyotokea, kisha urudiwe mezani kadiri mtu apendavyo.

Roboti nyingi za utafiti na za kazi huendeshwa kwa ROS, mfumo wa programu uliokuzwa na kampuni ya Willow Garage ya California kuanzia mwaka 2007. Ndani ya ROS hakuna programu moja kubwa inayofanya kila kitu. Ipo programu ndogo ya kamera, nyingine ya magurudumu, nyingine ya kutambua vitu, nazo hupashana habari kwa jumbe zinazopita kwenye mikondo yenye majina. Programu ya kamera haijui nani anasoma picha zake, na programu ya utambuzi haiulizi picha zimetoka wapi. Kwa kuwa hazijuani, rosbag inaweza kukaa katikati yao: inasikiliza mikondo, inaandika kila ujumbe kwenye faili pamoja na saa uliyofika, na baadaye inautoa tena kwenye mkondo uleule kwa mpangilio uleule. Programu ya utambuzi inapokea picha kama kawaida, ilhali roboti imezimwa na iko kabatini.

Tuifuate kesi ya kona hatua kwa hatua. Roboti yetu ina kamera ya rangi inayopima pia umbali, na inatumia ROS 2. Amri ya kurekodi ni hii:

```
ros2 bag record -o kona /camera/image_raw /camera/depth/image_raw /camera/camera_info /odom /tf /tf_static
```

Mikondo miwili ya mwanzo ni picha zenyewe, na wa tatu una vipimo vya lenzi. `/odom` ni hesabu ya mwendo itokayo kwenye magurudumu. `/tf` hueleza roboti iko wapi na imeelekea wapi kila wakati, na `/tf_static` hueleza mambo yasiyobadilika, kama vile kamera imefungwa wapi kwenye mwili wa roboti. Mkondo huu wa mwisho husahaulika kwa urahisi kwa sababu ujumbe wake hutumwa mara moja tu, roboti inapowashwa. Bila huo, picha zipo lakini hakuna ajuaye zilipigwa kutoka upande gani, na rekodi nzima haisaidii kitu.

Orodha hiyo ina kile kinachoingia kwenye programu ya utambuzi na haina kile kinachotoka. Tukirekodi pia maboksi yaliyotambuliwa siku ile kisha tukayarudisha kwenye mkondo wao, majibu ya zamani yatachanganyika na majibu mapya, na hatutajua lipi ni la nani.

Picha ni nzito. Picha moja ya rangi yenye nukta 640 kwa 480 ni baiti 921,600, na picha ya umbali ya ukubwa huo ni baiti 614,400. Kwa picha 15 kila sekunde, hizo ni megabaiti 23 za kuandika kila sekunde, yaani karibu gigabaiti 1.4 kwa dakika. Kadi ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta ya roboti inaweza kuelemewa, na ikielemewa jumbe hupotea bila roboti kuonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana rekodi hukaguliwa papo hapo, kabla ya kuondoka ghalani:

```
ros2 bag info kona
```

Amri hii hutaja muda wa rekodi na idadi ya jumbe za kila mkondo. Rekodi ya sekunde 60 inapaswa kuwa na picha za rangi karibu 900. Tukiona 600, theluthi imepotea; itabidi tupunguze picha au tuandike kwenye diski yenye kasi zaidi, kisha turekodi upya. Tukiona `/tf_static` ina sifuri, vivyo hivyo.

Mezani, jambo la kwanza ni saa. Kila picha hubeba muhuri wa muda ilipopigwa, na muhuri huo haubadiliki kwa kuwa leo ni Ijumaa. Programu ikitazama saa ya kompyuta itaona picha za juzi na kuzitupa. Hivyo rosbag huambiwa itangaze saa ya siku ile, na programu huambiwa iifuate saa hiyo:

```
ros2 bag play kona --clock -r 0.5
ros2 run utambuzi tambua --ros-args -p use_sim_time:=true
```

Hizo ni amri za madirisha mawili tofauti. Ya pili huanza kwanza, ili programu iwe tayari kuupokea ujumbe wa `/tf_static` unaotoka mwanzoni mwa rekodi. Kwa sababu hiyohiyo, anayeruka mwanzo na kuanza kucheza katikati anaweza kuona programu inalalamika haijui kamera iko wapi, ingawa rekodi ni kamili.

Herufi `-r` ndiyo kasi: 1 ni kama ilivyotokea, 0.5 ni nusu yake. Watazamaji wa mpira wamezoea mwamuzi kurudia tukio polepole ili aone mguu ulipogusa. Lakini picha ya mpira ikipunguzwa kasi haisogezi mguu. Rekodi ya roboti ikipunguzwa kasi inaweza kulisogeza boksi hewa, na hapo ndipo kosa linapojifichua.

Tukicheza kwa kasi 1, boksi la rafu ya kulia linachorwa karibu sentimita 40 ndani ya njia. Kwa 0.5, linachorwa sentimita 20 hivi. Kwa 0.25, ni sentimita 10. Picha ni zilezile, kona ni ileile, hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni uwiano kati ya muda wa rekodi na muda ambao kompyuta inautumia kufikiri. Basi kamera haina hatia, na hata ufundi wa kutambua boksi hauna hatia. Kosa liko kwenye muda.

Tukifungua programu, tunakuta mstari unaouliza roboti imeelekea wapi:

```cpp
auto t = buffer.lookupTransform("odom", msg->header.frame_id, tf2::TimePointZero);
```

Neno la mwisho lina maana ya "nipe mwelekeo wa karibuni kabisa ulionao". Lakini mstari huu unafikiwa baada ya programu kuichambua picha kwa sekunde 0.4. Wakati huo wote roboti ilikuwa ikigeuka kwa kasi ya radiani 0.5 kwa sekunde, kwa hiyo imeshageuka radiani 0.2 zaidi, yaani nyuzi 11 hivi. Boksi lililoonwa kwenye picha ya zamani linachorwa kwa mwelekeo mpya. Kwa boksi lililo mita 2 mbele, radiani 0.2 ni sentimita 40. Tukicheza rekodi kwa nusu kasi, kompyuta bado inatumia sekunde 0.4 zake, lakini katika muda huo roboti ya kwenye rekodi inageuka nusu tu. Hesabu inaeleza pia kwa nini boksi la kulia ndilo linaloingia njiani roboti ikikata kushoto: kila kitu kinasukumwa kuelekea upande wa kugeukia. Na ikienda moja kwa moja, mwelekeo haubadiliki, basi hakuna anayeliona kosa.

Tiba ni kuuliza mwelekeo wa wakati picha ilipopigwa:

```cpp
auto t = buffer.lookupTransform("odom", msg->header.frame_id, msg->header.stamp);
```

ROS 2 kwa kawaida hukumbuka mielekeo ya sekunde 10 zilizopita, hivyo ya sekunde 0.4 nyuma inapatikana bila taabu. Tunacheza rekodi tena kwa kasi zote tatu, na boksi linabaki kwenye rafu yake.

Tuseme bado limehama sentimita 7, na sentimita hizo hazibadiliki kwa kasi yoyote. Hilo ni kosa la aina nyingine. Kamera iliyopinda nyuzi 2 kwenye kishikio chake hutoa sentimita 7 kwa mita 2, na kosa hilo lingeonekana hata roboti ikiwa imesimama. Hapo dawa ni kupima upya kishikio, programu haihitaji kuguswa.

Kompyuta ya mezani nayo ina mtego wake. Mara nyingi ina nguvu kuliko ile ya roboti. Ikichambua picha kwa sekunde 0.1, boksi hewa linasogea sentimita 10 tu, na mtu anaweza kusema programu ni nzima. Anayelijua hili hucheza rekodi kwa `-r 4`, na kosa linarudi kwenye sentimita 40 zake, mradi diski iweze kusoma picha kwa kasi hiyo.

Tahadhari moja ni ya usalama. Rekodi iliyobeba mkondo wa `/cmd_vel`, ambao ni amri za magurudumu, ikichezwa kwenye mtandao wenye roboti iliyowashwa, inaweza kuitembeza roboti hiyo. Ama mkondo huo usirekodiwe, ama kompyuta ya mezani ipewe namba yake ya `ROS_DOMAIN_ID` ili isisikilizane na roboti.

Rekodi ya kona haifutwi baada ya tiba. Kila programu inapobadilishwa, huchezwa tena na kuangaliwa kama kuna boksi lolote ndani ya njia. Sekunde 60 zinatosha kugundua kosa la zamani likirudi. Lakini rekodi haitii amri. Roboti iliyofunga breki siku ile itafunga breki kila ikirudiwa, hata kama programu mpya inaona njia ni nyeupe. Kwa hiyo rekodi inajibu swali moja, kama roboti imeona sawasawa. Kama itaendesha sawasawa baada ya kuona ni swali la kigezaji kama Gazebo, na hatimaye la kona yenyewe ghalani, mhandisi akiwa karibu na kitufe cha kuzimia.