Kioo Kinachojipinda Kuinyoosha Nuru ya Nyota

Nyota humetameta kwa sababu ya hewa. Nuru yake ikishakaribia ardhi hupita kwenye mafungu ya hewa yenye joto tofauti, na kila fungu huipinda kidogo. Darubini ya Yepun, kwenye mlima Paranal nchini Chile, ina kioo kikuu chenye upana wa mita 8.2. Hata hivyo, hewa isiporekebishwa athari yake, picha zake huwa na ukungu kana kwamba kioo hicho kina sentimita 20 tu.

Wimbi la nuru hutoka kwenye nyota likiwa limenyooka, likafika kwenye darubini limejikunja kama shuka lililolaliwa. Ili kuipima mikunjo hiyo, sehemu ya nuru hupitishwa kwenye safu ya lenzi ndogo ndogo, na kila lenzi hutoa nukta moja. Nukta ikihama mahali pake, kompyuta hujua kuwa wimbi limeinama pale, na limeinama kiasi gani.

Kazi ya kunyoosha hufanywa na kioo cha pili, chenye upana wa mita 1.1 na unene usiofika milimita 2. Nyuma yake kuna visukumizi 1,170 vya sumaku. Tuseme sehemu moja ya wimbi imechelewa kwa elfu 0.6 ya milimita. Kisukumizi cha hapo husogeza kioo mbele nusu ya kiasi hicho, yaani elfu 0.3, kwa kuwa nuru hufupishiwa njia mara mbili: ikienda na ikirudi. Hewa haitulii, hivyo kioo kinaweza kubadilishwa umbo hadi mara 1,000 kwa sekunde.

Upimaji huo unahitaji nyota angavu karibu na kinachotazamwa, na mara nyingi haipo. Kwa hiyo tangu 2016 Yepun hurusha miali minne ya leza ya rangi ya machungwa. Kwenye kimo cha kilomita 90 hivi kuna tabaka jembamba la atomi za sodiamu, zilizoachwa na vimondo vilivyoungua. Leza huziamsha atomi hizo, nazo hung'aa kama nyota.

Nyota bandia ina upungufu wake. Hewa ikiusukuma mwali pembeni unapopanda, huurudisha unaposhuka, na mtikisiko wa picha nzima haupimiki. Mtikisiko huo bado hupimwa kwa nyota halisi, ingawa hafifu inatosha. Mawingu nayo huizuia leza, na ndege ikikaribia mwali lazima uzimwe.

Mwaka 2018 Yepun ilitoa picha za sayari ya Neptuni zilizo kali kuliko zile za Hubble, darubini iliyoko juu ya hewa yote. Kwa eneo dogo la anga, darubini ya ardhini sasa inaweza kuishinda ya angani.